Kope Iliyopinduliwa

Mtoto anakalishwa kwenye kigoda uani, uso ukielekea mwanga. Mkaguzi amevaa miwani inayokuza kitu mara mbili na nusu. Anamwambia mtoto atazame chini, anashika nywele za kope ya juu kwa vidole viwili, anaivuta kidogo, kisha anaipindua ili ngozi laini ya ndani ionekane. Anatafuta vinundu vidogo vyeupe au vya manjano. Vikifika vitano, na kila kimoja kikiwa na upana wa nusu milimita au zaidi, mtoto ana vikope. Vikiwa vinne, hana. Mkaguzi anatamka alichokiona, mwenzake anakiandika, kope inarudishwa, na mtoto mwingine anaitwa.

Shughuli nzima haichukui hata dakika moja. Hakuna aliyepigwa, aliyetishwa wala aliyekatazwa lolote. Hata hivyo, katika sekunde zile mamlaka yamefanya kazi kubwa kuliko anayoifanya mgambo anapokimbiza wachuuzi barabarani. Kimepatikana kitu cha kujulikana ambacho asubuhi hakikuwapo, na amepatikana mtu wa aina mpya: mtoto mwenye vikope, namba fulani, wa kaya fulani, katika kitongoji fulani. Sura hii inahusu kazi hiyo.

Michel Foucault, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki mwaka 1984, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza. Mwaka 1963 alitoa kitabu kuhusu namna hospitali za Ulaya zilivyojifunza kuutazama mwili wa mgonjwa, na mwaka 1975 kingine kuhusu kuzaliwa kwa jela. Wengi waliomsoma harakaharaka walidhani anasema kwamba elimu ni uongo wa wakubwa. Dai lake lilikuwa gumu zaidi. Alisema tunakosea tunapoyafikiria mamlaka kama mkono unaoziba mdomo tu, kwa sababu mamlaka huzalisha. Jela, hospitali na shule zilihitaji kuwapanga watu, kuwatazama na kuwaandika, na kutokana na kazi hiyo ya kila siku yakatokea maarifa ya kweli kuhusu watu, pamoja na watu walioanza kujifahamu kwa maarifa hayo. Mbinu aliyoiona ikizifunga taasisi hizi tatu pamoja ni ukaguzi: daktari anapita kitandani, mwalimu anatoa mtihani, bwana jela anafungua jalada. Katika kila mmoja, anayetazama haonekani sana, anayetazamwa anaonekana mno, na kinachoonekana kinaandikwa na kulinganishwa na kiwango.

Foucault aliyasema haya akizitazama Ufaransa na Uingereza. Sisi tuyatazame kutoka Gulwe.

Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati katika Wilaya ya Mpwapwa, kwenye bonde la mto Kinyasungwe. Msimu wa mvua maji ya bonde hilo yameikata reli kati ya Kilosa na Gulwe mara nyingi kiasi kwamba abiria wa zamani hawashangai tena. Kiangazi mambo hugeuka. Ugogo ni nchi ya vumbi, ng'ombe na maji ya kutafutwa, na maji yakiwa ya kutafutwa kila mtu nyumbani anajua ndoo hii ni ya kupikia na ile ni ya ndama. Inzi hawahitaji kualikwa. Hayo ndiyo mazingira ambamo vikope hukaa. Kijidudu cha klamidia huhama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa kitambaa cha kufutia uso na kwa inzi wanaotua kwenye tongotongo. Mtoto huambukizwa tena na tena. Miaka inavyokwenda kope inapata makovu, inajikunja kuelekea ndani, na nywele zake zinaanza kuisugua mboni kila anapopepesa. Mwisho wake ni upofu, na wanawake hupata madhara hayo zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaobeba watoto.

Katikati ya miaka ya 1980, Kongwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, ikawa mahali ambapo dunia ilijifunzia vikope. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na Watanzania, waliweka kambi ya utafiti iliyodumu miongo kadhaa. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo rahisi wa kuupima ugonjwa huu kwa ishara tano, kuanzia vinundu vya mtoto hadi ukungu wa mboni ya mzee. Mfumo uliundwa ili mtu asiye daktari wa macho, akifundishwa vizuri, aweze kuutumia uani kwa mwanga wa jua.

Angalia urahisi huo ulidai nini. Jicho la mtoto wa Kigogo na la mtoto wa Misri au Nepal yalipaswa kusomwa sawasawa. Kwa hiyo msomaji mwenyewe ilibidi apimwe kwanza. Katika upimaji mkubwa wa vikope ulioanza duniani mwaka 2012, mkaguzi hakuruhusiwa kwenda kijijini mpaka majibu yake juu ya macho 50 yalinganishwe na ya bingwa, na kipimo cha makubaliano yao kifike 0.7 au zaidi, ambapo 1 maana yake ni kukubaliana kabisa. Anayeona vinundu kila mahali anarudishwa, na asiyeviona anarudishwa vilevile. Kabla ya kope za watoto kunyooshwa kwenye jedwali, macho ya wakaguzi yalinyooshwa kwanza. Hapa Foucault yupo sahihi kabisa, na pengine kuliko alivyojua: nidhamu haimshiki anayetazamwa peke yake. Aliye juu naye ana mtu anayemtazama, na maarifa hutokea pale wote wawili wanapokubali kutulia.

Nasisitiza kwamba maarifa hayo ni ya kweli. Vinundu vipo. Upofu upo. Anayedhani kwamba kuonyesha mkono wa mamlaka ndani ya elimu ni kuikanusha elimu hiyo hajafika Ugogo akakutana na bibi anayeongozwa njiani na mjukuu kwa fimbo.

Lakini maarifa ya kweli nayo yana kingo, na kingo hizo zimechorwa na mahitaji ya anayetawala. Vinundu havilingani moja kwa moja na kijidudu. Mtoto anaweza kuwa na vinundu wakati maambukizi yameshaondoka, na mwingine anaweza kuwa na kijidudu ilhali kope yake bado laini. Baada ya dawa kugawiwa, kijidudu hutoweka mapema na vinundu hukawia. Mhudumu makini anayajua haya yote, lakini wilaya haiwezi kusubiri maabara kwa kila mtoto, ndipo vinundu vikachaguliwa kuwa lugha ya uamuzi. Kinachohesabika kwa haraka uani ndicho kikawa ugonjwa kwa mujibu wa jedwali.

Chukua mfano wa kufikirika. Wakaguzi wamepita wilaya moja wakawaona watoto 1,000 wenye umri wa mwaka 1 hadi 9. Waliokutwa na vinundu ni 104. Hiyo ni asilimia 10.4, na kwa kuwa kizingiti ni 10, wilaya nzima itapewa dawa ya azithromaisini mara moja kila mwaka kwa angalau miaka mitatu, kisha ipimwe tena. Sasa punguza watoto wanane tu, wabaki 96. Asilimia inakuwa 9.6, na mwongozo unataka mgawo mmoja kabla ya kupima upya. Kope nane zimebadilisha kitakachomezwa na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa hawajawahi kupinduliwa kope. Siku ya mgawo watoto watasimama mbele ya fimbo ya urefu, na alama itakayofika utosini ndiyo itakayosema anywe kiasi gani. Wachanga wa chini ya miezi sita watapakwa mafuta ya tetrasaiklini. Wilaya, ambayo haina jicho, imekuwa mgonjwa.

Hapo ndipo inafaa kumsikiliza mwanahistoria Mwingereza Megan Vaughan, ambaye mwaka 1991 alitoa kitabu kuhusu tiba na utawala wa kikoloni katika Afrika iliyokuwa chini ya Waingereza. Vaughan alimsoma Foucault kwa heshima, akasema hesabu hazitimii. Foucault alieleza mamlaka yanayomtenga mtu mmoja mmoja, yanayomfungulia jalada lake na kumfanya aungame yaliyo ndani yake. Dola ya kikoloni haikuwa na haja hiyo na Mwafrika. Ilimwona kama mmoja wa kabila, mwili mmoja kati ya miili iliyopangiwa foleni ya chanjo, na mara nyingi ilitumia nguvu tupu badala ya kumjenga. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Foucault mwenyewe, mwaka 1976, alianza kueleza namna ya pili ya mamlaka, ile inayoshughulika na umma kwa viwango vya vizazi, vifo na maradhi. Asilimia 10 ya vinundu ni ya namna hiyo ya pili. Mtoto aliyekaliwa na inzi anahitajika kama sehemu ya asilimia, na jina lake linaweza kusahaulika bila hasara kwa jedwali.

Hata hivyo, Kongwa namna ya kwanza nayo ilibisha hodi, na ilipitia kwenye kuosha uso.

Watafiti waliona kwamba watoto wenye nyuso safi walikuwa na vikope vikali mara chache zaidi. Ilibidi kwanza uso safi upewe maana inayopimika: hakuna tongotongo wala kamasi, na inzi hawatui. Kisha wakaja na jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1995. Vijiji sita vilipangwa jozi tatu, na watoto waliohusika walizidi 1,400. Vijiji vyote vilipata mafuta ya macho kwa siku 30. Katika kila jozi, kijiji kimoja kiliongezewa mikutano na mazungumzo ya kuwashawishi watu wawaoshe watoto nyuso. Wakaguzi walirudi mara kadhaa ndani ya mwaka. Katika vijiji vilivyoshawishiwa, uwezekano wa mtoto kukutwa na uso safi mara mbili au zaidi ulikuwa mkubwa kwa asilimia 60, na uwezekano wa vikope vikali ulikuwa umepungua kwa zaidi kidogo ya theluthi.

Kilichofanyika katika mikutano ile ni kitu ambacho amri isingekiweza. Mkoloni angeweza kutangaza faini kwa mama mwenye mtoto mchafu. Hapa watu walikaa, wakazungumza maji yanaendaje nyumbani, wakaonyeshwa kwamba maji kidogo sana yanatosha nyuso nyingi, wakakubaliana. Wanaelimu jamii waliofuatana na mradi walikuta kwamba jambo hili halikuwa la mama peke yake: mume, wakwe na kijiji kizima walikuwa na sauti juu ya maji na juu ya muda wa mwanamke. Ndiyo maana ilibidi kijiji kizima kibadilike. Mwisho wake, mama anayetoka na mwanawe alfajiri anamtazama usoni kwa jicho la mkaguzi ambaye hayupo. Anafuta tongotongo kwa ncha ya khanga kabla jirani hajaona. Mradi ukifungwa na gari likiondoka, jicho hilo linabaki naye.

Je, ni kutawaliwa au ni kuwezeshwa? Kwa maoni yangu swali hilo likiulizwa hivyo linapotosha, kwa kuwa mama yule amepata yote mawili kwa wakati mmoja na kwa maji yaleyale. Amepata uwezo halisi wa kumkinga mwanawe, na amepata pia lawama mpya. Kabla ya hapo, macho mekundu ya mtoto yalikuwa shauri la vumbi na ukame. Sasa ni shauri lake. Mtoto akikutwa na uso mchafu kwenye kijiji ambacho bomba liko umbali wa saa nzima, jedwali halina safu ya bomba mbele ya jina la mtoto. Lina safu ya uso. Nikiangalia kampeni za afya huwa natafuta safu iliyokosekana.

Shule ni jirani wa karibu wa habari hii, na nitaipitia kwa kifupi kwa sababu kila msomaji ameiishi. Tangu darasa la kwanza mtoto wetu huulizwa nyumbani swali moja akifunga shule: umekuwa wa ngapi? Jibu lake halielezi anachokijua. Linaeleza alipo kati ya wenzake, na akilirudia kwa miaka saba anaanza kuamini kwamba nafasi ile ni tabia yake. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini matokeo ya kila shule bado yako hadharani na yeyote mwenye subira anaweza kuipanga orodha mwenyewe. Wapimaji wa vikope, kwa upande wao, walitambua jambo ambalo shule huwa haizungumzi. Walikwenda nyumba kwa nyumba badala ya darasani, kwa kuwa daftari la mahudhurio linawaonyesha walioandikishwa tu, na vikope vikali vinakaa zaidi kwa wadogo ambao hawajafika shule.

Ukipanda treni Gulwe kuelekea magharibi utafika Dodoma, na Dodoma pana mahali ambapo jela na hospitali zimekuwa chumba kimoja. Hospitali ya Mirembe imehudumia wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, na chini yake ipo Taasisi ya Isanga, inayopokea watu waliotoka mahakamani.

Mtu ameshtakiwa kwa mauaji, na mbele ya Mahakama Kuu inadaiwa kwamba wakati wa tendo hakuwa na akili timamu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu jaji asimamishe kesi na kuagiza mshtakiwa azuiliwe katika hospitali ya akili achunguzwe. Daktari mkuu ana siku 42 za kupeleka taarifa ya maandishi. Katika siku hizo wauguzi wanaandika: amelala saa ngapi, anakula peke yake au na wenzake, anajibu nini akiulizwa kuhusu marehemu, anacheka bila sababu? Kanuni ya Adhabu inataka majibu ya mambo matatu: je, ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachofanya, au asitambue kwamba hakupaswa kukifanya, au ashindwe kujizuia?

Tazama pengo lililopo. Mahakama inauliza kuhusu nusu saa fulani iliyopita zamani. Hospitali inaweza kutazama siku 42 za sasa, baada ya mtu kukaa mahabusu kwa muda ambao nao humbadilisha. Taarifa inajenga daraja juu ya pengo hilo kwa kutumia historia yake: ndugu wanasema alianza lini kuongea peke yake, aliwahi kupelekwa kwa mganga, alikimbia porini mara ngapi. Maisha yote yanasomwa upya kurudi nyuma, na kila tukio linapangwa kuelekea tendo lile. Foucault alivutiwa sana na jambo hili katika mahakama za Ufaransa. Aliona kwamba baada ya mtaalamu wa akili kuingia, swali la nini ulifanya liligeuka kuwa wewe ni nani. Isanga swali hilo lina matokeo ya kisheria. Jaji akiridhika, anatoa uamuzi maalumu kwamba mtu alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya wendawazimu, na mtu huyo haendi nyumbani. Anawekwa hospitali, jela au mahali pengine pa usalama. Mfungwa wa kawaida anajua siku ya kutoka. Huyu kutoka kwake kunategemea taarifa nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Kuondolewa hatia kunaweza kumweka ndani kwa muda usio na tarehe, na kila tendo lake la kawaida, hata hasira ya kuchelewa kutoka, linaweza kuandikwa kama dalili.

Sisemi taarifa hizo ni za hila. Bila daktari kusikilizwa, watu wagonjwa wangehukumiwa kunyongwa. Ninachosema ni kwamba aliyeandikwa ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko wote ya kusoma alichoandikwa. Mwaka 1971 Foucault na wenzake walianzisha kikundi cha kukusanya habari za jela za Ufaransa, wakawapelekea wafungwa na ndugu zao maswali kuhusu chakula, baridi, vipigo na barua, ili wanaoandikwa siku zote waandike nao. Kwa hilo alifanya kazi ambayo vitabu vyake pekee visingeifanya.

Huku kwetu wapo walioandika kwa namna yao bila kalamu. Muda mrefu kabla ya miwani ya kukuza kufika Ugogo, wanawake waliosumbuliwa na kope zilizogeukia ndani walijua kinachowachoma. Walizing'oa nywele za kope kwa vibano vidogo, au waliomba binti mwenye macho makali awasaidie. Hayo ni maarifa: yanatambua chanzo cha maumivu, yana kifaa, yana mtaalamu wake wa nyumbani. Hayakuwa na jedwali, kwa hiyo hayakuhesabiwa. Upasuaji wa kuinyoosha kope ulipoletwa, wanawake wengi walioambiwa wanauhitaji hawakwenda. Nani angebaki na watoto, nani angelipa safari, na kibano si kipo?

Leo, ili nchi itambuliwe kuwa imemaliza vikope kama tatizo la afya ya jamii, vinundu kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9 lazima vishuke chini ya asilimia 5 katika kila wilaya iliyokuwa na tatizo. Kope zilizogeukia ndani nazo, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, lazima ziwe chini ya asilimia 0.2. Lakini kigezo hiki cha pili kina sharti: wanaohesabiwa ni wale tu ambao mfumo wa afya hauwajui. Aliyekwisha kuonwa, akaelezwa upasuaji na kuukataa, ni mtu anayejulikana. Wahudumu wakimkuta bibi wa namna hiyo kitongojini, wanamwandika jina, kijiji na uamuzi wake, na kuanzia siku hiyo anatoka kwenye hesabu. Jioni anamwita mjukuu, wanakaa mlangoni penye mwanga, na mtoto anatafuta nywele moja baada ya nyingine kwa kibano.